Konekshini fupi, kutwa Addis au usiku Istanbul: unafuu wa tiketi unabaki kiasi gani?

Mpwa wangu alipopata nafasi ya kusoma Ujerumani alinitumia picha tatu za bei za tiketi, Dar es Salaam hadi Frankfurt, na chini yake sentensi moja: "Mjomba, hii ya tatu si ndiyo ya kuchukua?" Ya kwanza ilikuwa dola 780, inaunganisha Addis Ababa kwa saa 3. Ya pili dola 690, pia Addis, lakini kusubiri ni saa 16. Ya tatu dola 620, kupitia Istanbul, kusubiri saa 19. Tofauti ya dola 160 kwa mwanafunzi ni fedha ya maana, na sikutaka kumjibu harakaharaka. Nimekuwa nikikata tiketi za watu Dar kwa miaka mingi, na swali hili ndilo linalorudi mezani kuliko yote. Bei hizo ni za siku ile aliyouliza. Za kwako zitakuwa nyingine, ila hesabu ni ileile.

Kabla ya kugusa tiketi yoyote tulikubaliana vipimo vinne. Cha kwanza ni fedha inayobaki mkononi baada ya kutoa gharama za kusubiri: chakula, viza, usafiri, mahali pa kulala. Kinachobaki unakigawa kwa saa za ziada unazosubiri, ndipo unajua kila saa yako umeiuza kwa bei gani. Cha pili ni viza: je, pasipoti yako inakuruhusu kutoka nje ya uwanja, au utakaa ndani muda wote? Cha tatu ni mwili, maana kuna kusubiri mchana na kuna kusubiri usiku, na havilingani. Cha nne ni mzigo na hatari ya kuachwa na ndege.

Kuna jambo moja linalorahisisha hesabu zetu. Dar, Nairobi, Addis, Doha na Istanbul ziko kwenye majira mamoja. Uturuki iliacha kubadilisha saa mwaka 2016, kwa hiyo mwaka mzima saa ya Istanbul ni saa ya kwetu. Huna haja ya kujumlisha wala kutoa. Saa 19 unazoziona kwenye tiketi ndizo utakazozihisi mwilini.

Ya kwanza: saa 3 Addis, dola 780

Fedha: hapa hakuna unafuu wa kuupigia hesabu. Hii ndiyo bei ya kulinganishia, na gharama ya kusubiri ni chupa ya maji, pengine na kahawa.

Viza: huihitaji, maana hutoki eneo la transiti. Unakaguliwa tena kwenye mashine, unatafuta geti, basi.

Mwili: unaondoka Dar jioni, unafika Addis saa mbili usiku, saa tano usiku uko tena angani na unalala kwenye ndege kadiri utakavyoweza. Unapoteza usiku mmoja, na huo ungeupoteza kwa tiketi yoyote ile.

Mzigo na hatari: huu ndio upande dhaifu wa konekshini fupi. Ndege ya kwanza ikichelewa saa mbili na nusu, ya pili huipati. Lakini kama safari yote iko kwenye tiketi moja, shirika lina wajibu wa kukupangia ndege inayofuata. Hatari ya pili ni begi kubaki nyuma wakati wewe umewahi. Saa 3 kwenye uwanja wa Bole, pale Addis, kwa kawaida zinatosha mtu na begi lake. Ningeogopa zaidi saa 1 na dakika 10, ambayo nayo huuzwa.

Inamfaa nani: mzee, mama mwenye mtoto mchanga, mtu anayefika leo na kesho asubuhi ana usajili chuoni au kikao, na yeyote ambaye pasipoti yake haimfungulii mlango wa mji wa katikati.

Ya pili: saa 16 Addis, dola 690

Hapa ndipo wengi wananaswa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tazama saa za tiketi yenyewe. Ndege inaondoka Dar alfajiri na kufika Addis saa moja asubuhi. Kisha inayokwenda Frankfurt inaondoka saa tano usiku. Ni ileile ya tiketi ya kwanza! Watu wawili hawa watakaa viti jirani na kufika Frankfurt pamoja. Tofauti yao ni kwamba mmoja alilala kwake, akala chakula cha mchana na ndugu zake, akaenda uwanjani alasiri; mwenzake aliamka saa saba usiku kuwahi kukabidhi mzigo, kisha akakaa kutwa nzima mji mwingine. Hizo dola 90 ndizo alizolipwa kwa kazi hiyo.

Fedha: mpwa wangu alishakuwa na jibu. "Wanatoa hoteli bure, mjomba. Jirani yetu alipewa." Ni kweli jirani alipewa, ila alipewa kwa sababu siku yake hapakuwa na ndege nyingine. Sharti la msingi la hoteli ya transiti, pale Addis na kwa mashirika mengi, ni kwamba kusubiri kuwe kumesababishwa na ratiba ya shirika lenyewe. Kwa Addis kipimo cha kawaida ni kusubiri kati ya saa 8 na 24, na pawe hapakuwa na konekshini ya mapema zaidi kuliko uliyopewa. Ukichagua mwenyewe kutoka alfajiri wakati ndege ya jioni ingekuunganisha na safari ileile, unahesabika umependa kusubiri. Tiketi ndefu iliyo nafuu kuliko fupi ya siku hiyohiyo mara nyingi ndiyo isiyo na hoteli, na watu huligundua hili wakiwa wamesimama kwenye dawati la transiti na begi la mgongoni.

Kwa hiyo usiulize "Je, mnatoa hoteli?" kwani jibu litakuwa ndiyo. Uliza hivi: "Tiketi hii, ya tarehe hii, ina hoteli?" Uliza kabla ya kulipa, na jibu lije kwa maandishi, liwe kwenye barua pepe au kwenye karatasi ya tiketi.

Bila hoteli, mpwa alibakiwa na njia mbili. Akikaa uwanjani kutwa, atakula mara mbili au tatu, tuseme dola 25. Zinabaki 65. Saa za ziada ni 13, kwa hiyo kila saa ameiuza dola 5. Akitaka kutoka, tulipiga hivi: viza tuliiwekea dola 60, chumba cha kupumzika mchana 45, teksi 10, chakula 15. Jumla 130, na unafuu wote ulikuwa 90. Amerudi nyuma dola 40 ili aione Addis kwa mchana mmoja.

Viza: Mkenya haihitaji kuingia Ethiopia, kwa hiyo hesabu yake inabadilika kabisa. Kwake ile dola 60 haipo, na kutwa ya Addis inakuwa rahisi. Wengine wetu tuulize ubalozini au kwa shirika kabla ya safari. Anayepewa hoteli na shirika kwa kawaida hupangiwa ruhusa ya kuingia pamoja na hoteli yenyewe.

Mwili: Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Dar na fulana atatetemeka, hasa usiku, na ngazi fupi zitamfanya aheme. Mwenye selimundu au tatizo la moyo azungumze na daktari wake kabla ya kupanga kutwa nzima huko. Uwanjani, viti vingi vina mikono ya chuma katikati, hulali ukajinyoosha. Nimewaona watu wamejikunja wakiwa wamefunika uso kwa kanga, viatu chini ya kichwa, na kila tangazo likipigwa wanashtuka kuangalia saa.

Likitajwa suala la saa, kuna raha moja ya msafiri Mswahili akiwa Addis. Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, kuanzia alfajiri: saa moja yao ni saa moja yetu. Dereva wa hoteli akisema anakuja saa mbili usiku, huenda anamaanisha kilekile unachokifikiria. Lakini huenda pia, kwa kuwa wewe ni mgeni, amekugeuzia saa ya kizungu. Mwonyeshe kwenye simu tarakimu za tiketi, 20:00, akubali kwa kichwa. Watu wameachwa kwa sababu ya hili.

Mzigo na hatari: begi kubwa linakwenda moja kwa moja hadi mwisho, maana kusubiri ni chini ya saa 24. Hatari ya kuachwa ni ndogo sana. Hata ndege ya alfajiri ikichelewa saa sita bado unawahi. Hilo ni jambo jema la kusubiri kurefu ambalo halisemwi sana, na kwa mtu mwenye mtihani au harusi lina uzito. Ila kwenye safari ya kurudi nyumbani kumbuka kadi ya manjano. Tanzania inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa aliyetoka nchi yenye ugonjwa huo, na pia kwa aliyekaa uwanjani kwa transiti zaidi ya saa 12 katika nchi kama hiyo. Ethiopia imo, Kenya imo. Saa 3 hazikuhusu. Saa 16 zinakuhusu.

Inamfaa nani: Mkenya anayetaka kuona mji, mtu ambaye kweli amethibitishiwa hoteli, na anayeogopa kuchelewa kuliko anavyoogopa kuchoka. Aliye na ndugu Addis wa kumpokea na kumpa kitanda naye asisite, mradi ana ruhusa ya kuingia.

Ya tatu: saa 19 Istanbul, dola 620

Fedha: unafuu ni dola 160, mkubwa kuliko wa Addis, na saa za ziada ni 16. Akikaa ndani ya uwanja muda wote, chakula pale ni ghali. Tuliweka dola 40. Zinabaki 120, sawa na dola 7 na nusu kwa saa. Akitoka bila kulala hoteli, akaenda na ziara ya bure ya shirika, viza tuliiwekea 60 na chakula cha ziada 15. Zinabaki 85, zaidi kidogo ya dola 5 kwa saa, na ameuona mji. Akilala hoteli mjini: viza 60, chumba 50, nauli 10, chakula 25, jumla 145. Zinabaki dola 15 tu, lakini amelala kitandani na kuoga. Hoteli ya bure hapa nayo ina sharti lilelile. Kutoka Istanbul kwenda Frankfurt kuna ndege kadhaa kwa siku, kwa hiyo aliyechagua ile ya kesho yake hawezi kudai chumba.

Viza: hapa ndipo tiketi hii inaposimama au kuanguka. Watanzania, na Waafrika wengine wengi, wanaweza kuomba viza ya Uturuki ya mtandaoni ikiwa tayari wana viza au kibali cha kuishi cha nchi ya Schengen, Marekani, Uingereza au Ireland kilicho hai. Mpwa alikuwa na viza ya Ujerumani imebandikwa ndani ya pasipoti, kwa hiyo njia ilikuwa wazi. Lakini Waturuki hawapokei viza ya kielektroniki ya nchi hizo kama kithibitisho. Anayekwenda Uingereza, ambako ruhusa nyingi sasa ziko mtandaoni bila stika, asidhani ataingia Istanbul kwa kuonyesha skrini ya simu. Tovuti ya kuombea ni evisa.gov.tr; kurasa nyingine zinazofanana nayo hutoza zaidi kwa kazi ileile. Na ile ziara ya bure inaanza baada ya kupita uhamiaji, kwa hiyo asiye na viza hana ziara.

Mwili: saa 19 zinasikika nyingi mpaka uzikate. Ndege inatua saa tano asubuhi. Ondoa saa moja ya foleni ya pasipoti. Uwanja uko mbali, takriban kilomita 40 hadi Sultanahmet, ambako ndiko kwenye misikiti mikubwa na mambo ya kale, kwa hiyo ondoa saa moja na nusu. Unaingia mjini saa saba na nusu mchana. Ndege yako ni saa kumi na mbili asubuhi, na metro haifanyi kazi usiku kucha, kwa hiyo kama unarudi kwa njia nafuu, ondoka mjini saa nne usiku. Umebaki na saa nane na nusu. Hizo ni za maana: unaswali msikiti wa Süleymaniye, unashuka hadi ufukweni Eminönü, unavuka kwa feri kwenda Üsküdar na kurudi jua likizama. Ila makumbusho hufungwa jioni, Jumanne jumba la Topkapı limefungwa, na Jumapili Soko Kuu limefungwa. Halafu kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri uko kwenye kiti cha uwanja, na usiku uliotangulia pia hukulala, maana uliondoka Dar alfajiri. Unafika Frankfurt ukiwa umekosa usingizi usiku mbili. Kijana wa miaka 22 ataubeba uchovu huo. Mimi siubebi tena.

Ikiwa utalala mjini, hakikisha hoteli iko upande wa Ulaya na usome jina la uwanja wa kuondokea. Istanbul ina viwanja viwili: IST na SAW, na SAW uko ng'ambo, upande wa Asia. Kuna tiketi zinazokushusha kimoja na kukupandisha kingine, na tofauti iko kwenye herufi tatu tu.

Mzigo na hatari: begi linaunganisha lenyewe, nawe unabaki na la mkononi. Weka humo sweta, chaja, dawa, mswaki na nguo ya kubadili. Kusubiri kukizidi saa 24, mambo yanabadilika: mara nyingi unarudishiwa begi na nauli yenyewe huhesabiwa kwa namna nyingine.

Inamfaa nani: kijana mwenye viza ya Schengen, Marekani au Uingereza kwenye pasipoti, asiye na haraka ya siku ya kwanza, na ambaye Istanbul ameitamani. Asiyeitamani anauza saa 16 za maisha yake kwa dola 120.

Tiketi zinazofanana na hizi lakini si hizi

Kuna nafuu nyingine ambayo ni tiketi mbili tofauti zilizounganishwa na tovuti au na mtu. Kwa macho zinafanana na konekshini ndefu, lakini kila shirika linajua nusu yake tu. Begi unalipokea mji wa katikati, na mkanda wa mizigo uko baada ya uhamiaji, kwa hiyo lazima uwe na viza ya kuingia. Mteja mmoja aliniletea tiketi za namna hiyo akiwa ameshalipa. Alikuwa na saa tano katikati. Ndege ya kwanza ilichelewa saa tatu, foleni ya uhamiaji ikala iliyobaki, na dirisha la kukabidhi mzigo la ndege ya pili likafungwa akiliona. Alinunua tiketi mpya palepale kwa bei ya siku hiyo, na unafuu wake wote ukaisha mara mbili. Dalili ni mbili: namba za kumbukumbu mbili tofauti badala ya moja, au neno linalosema utakabidhi mzigo upya. Na ukiwa tayari Dar kwenye kaunta, soma lebo kabla begi halijaondoka kwenye mkanda. Kama unakwenda Frankfurt iandikwe FRA. Ikiandikwa ADD au IST, simamisha hapohapo uulize.

Tiketi nafuu za kupita London nazo zina viza yake. Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanatakiwa kuwa na viza ya transiti hata wasipotoka nje ya uwanja, isipokuwa wana vibali fulani, kama viza hai ya Marekani au Kanada. Ndugu wa Kongo ya Kinshasa wanadaiwa viza ya transiti ya uwanjani pia katika nchi za Schengen.

Kwa hali yako

Unasafiri na mtoto, au na mzazi wa zaidi ya miaka 70: lipa ile 780. Dola 90 zitaliwa na chakula, nepi na uchovu kabla ya jioni.

Uko peke yako, huna viza ya kutoka, na unafuu ukigawanywa unakupa chini ya dola 5 kwa saa: kaa na konekshini fupi. Ukikupa zaidi ya hapo na fedha imebana kweli, chagua kusubiri kwa mchana, si kwa usiku.

Umethibitishiwa hoteli kwa maandishi: Addis kwa saa 8 hadi 14 ni sawa kabisa, nenda na sweta.

Una stika ya Schengen na siku mbili za kupumzika utakapofika: Istanbul, na weka dola 50 za chumba ndani ya hesabu tangu mwanzo.

Unaogopa kuchelewa kuliko chochote: tafuta saa 5 au 6. Bei yake mara nyingi iko katikati, na ndiyo niliyokwenda kumtafutia mpwa wangu. Tuliipata siku mbili baada ya tarehe aliyoitaka, dola 715, akasogeza safari.